Milioni 2 za dagaa: barua kwa binti yangu mwenye duka Tabora

*"Shikamoo mama. Nimechoka kuhesabu faida ya mia mia. Jirani yangu hapa Ng'ambo ameleta dagaa kutoka huko kwetu, anasema ndani ya wiki hela yake imerudi na nyingine juu. Dukani nina mtaji wa kama milioni 3. Nikikutumia milioni 2 ukaninunulia mzigo mwalo wa Kibirizi hapo Kigoma na kuupakia kwenye treni, nitakosea wapi? Na hilo daftari unalonisisitizia kila siku litaniongezea shilingi ngapi?"*

Marahaba mwanangu.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu kila nikifika kwenye hesabu unaniambia "subiri mama, kuna mteja". Ndani ya bahasha utakuta kurasa nne nilizozitoa kopi kutoka kwenye daftari langu la mwaka 2013. Usizisome ukiwa kaunta. Funga duka, ule, halafu ukae nazo.

Jirani yako hakudanganyi. Hela amezishika mkononi na zimeongezeka, hilo ameliona kwa macho yake. Nami niliziona hivyohivyo mwaka ule. Utakumbuka nilikuacha na mama yako mdogo karibu wiki mbili, nikarudi na viatu vyako vya shule kutoka soko la Tabora, na nyumba nzima ikajua mama kapata. Viatu vile, mwanangu, nilivinunua kwa hela ya hasara. Nilikuja kulijua hilo mwezi mzima baadaye, nilipokaa na daftari na kalamu nyekundu.

Duka langu la Ujiji wakati huo lilikuwa na mtaji wa 1,800,000. Nikachomoa 1,200,000, nikashuka Kibirizi asubuhi na mapema, nikanunua kilo 150 za dagaa wakavu kwa shilingi 8,000 kilo. Tabora walikuwa wananunua kwa 11,000. Nikapiga hesabu kwenye kiganja: 3,000 mara 150 ni 450,000. Wiki moja tu! Duka lilikuwa likinihitaji mwezi na nusu kupata kiasi hicho. Nani angekataa?

Sasa fungua ukurasa wa kwanza. Magunia na kamba 10,000. Mkokoteni kutoka mwaloni mpaka stesheni 12,000. Mzigo kwenye treni 25,000. Nauli yangu kwenda na kurudi 40,000. Ushuru 15,000. Wabebaji wa huko 8,000. Kula na kulala siku zote nilizokaa nikiuza, 60,000. Kila moja ilitoka ikiwa ndogo, nikailipa huku nikicheka na watu. Zikijumlishwa ni 170,000. Zile 450,000 zimeshakuwa 280,000, hata kama kila kilo ningeiuza 11,000.

Ukurasa wa pili ndio unaouma. Kilo 150 zilizopimwa Kibirizi zilifika Tabora zikiwa 138. Hakuna aliyeniibia. Zile 12 zilikuwa maji. Niliponunua mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na dagaa walioanikwa mchangani walikuwa wamekauka juu tu. Njiani wakaendelea kukauka ndani ya gunia, nami nikawa nimelipa 8,000 kwa kila kilo ya maji. Katika hizo 138, kilo 8 zilivunjikavunjika zikawa chenga na vumbi la chini ya gunia, nikaziuza 5,000 kilo kwa mtu wa chakula cha kuku. Kilo 60 za mwanzo zilienda kwa 11,000 kama nilivyoota, zikanipa 660,000. Siku ya nne bei ikaanguka. Kilo 45 nikazitoa kwa 9,000, nikapata 405,000. Kilo 25 zilizobaki nikazikopesha kwa 9,500, jumla 237,500, kwa mama ntilie wawili na mwanamke mmoja mwenye meza sokoni. Walinilipa 150,000. Hizo 87,500 nyingine mpaka leo ziko kwenye ukurasa huo, unaweza kuziona, wino wake umeanza kufifia.

Jumlisha mwenyewe: 660,000 na 405,000 na 150,000 na 40,000 za chenga. Ni 1,255,000. Niliondoka na 1,200,000 nikarudi na 1,255,000, ndiyo maana nikanunua viatu. Zile 170,000 za njiani nilikuwa nimezilipa kidogo kidogo kutoka droo ya duka na pochi yangu, kwa hiyo sikuziona kama sehemu ya mzigo. Ukizirudisha mahali pake, mzigo umenigharimu 1,370,000 na umenipa 1,255,000. Nimepoteza 115,000. Na hata wale wadaiwa wangelipa mpaka senti ya mwisho, bado ningekuwa chini kwa 27,500.

Kwa nini bei ilianguka siku ya nne? Hili jirani yako hawezi kulijua kama hajaishi huku ziwani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta wakati wa giza, mwezi usipokuwepo. Mbalamwezi ikiwaka mwanga umeenea kila mahali, taa haina nguvu, na mitumbwi mingi inakaa nchi kavu siku kadhaa. Kwa hiyo dagaa wanakuja kwa mawimbi: giza likiingia wanajaa, bei Kibirizi inashuka, na kila mwenye hela ananunua siku hizohizo. Wote tunakimbilia treni ileile na mabasi yaleyale. Tunafika Tabora pamoja. Mzigo wangu ulipata siku tatu nzuri kwa sababu niliwatangulia wenzangu kidogo. Jirani yako huenda amepata wiki nzima nzuri. Wa kumfuata atafika na wenzake kumi.

Kisha geuza ukurasa wa tatu, ambao hauna habari yoyote ya dagaa. Ni mauzo ya duka kwa siku 12 ambazo hela ile ilikuwa nje. Kabla sijaondoka nilikuwa nauza wastani wa 90,000 kwa siku. Nikamwachia mama yako mdogo rafu zenye mali ya 600,000. Sukari iliisha siku ya tatu. Mafuta ya kula siku ya tano. Baada ya hapo mtu anakuja anataka sukari robo na sabuni, anakuta sabuni tu, anaondoka bila hata hiyo sabuni, kwa sababu atanunua vyote kule atakakopata sukari. Wastani wa siku hizo ulishuka hadi 38,000. Pungufu ya 52,000 kila siku kwa siku 12 ni mauzo ya 624,000 ambayo hayakufanyika. Kwenye kila 100 niliyouza wakati ule faida ilikuwa kama 12, kwa hiyo nilikosa kama 75,000. Ukichanganya na ile 115,000, safari yangu ya dagaa ilinila 190,000. Na tazama tarehe: ilichukua wiki saba kurudi kwenye 90,000 kwa siku. Mteja aliyepata mazoea ya kupita kwa Mangi wa kona harudi kwa sababu tu umejaza rafu. Anarudi siku ambayo Mangi ameishiwa.

Ukiniuliza daftari linaongeza shilingi ngapi, ukurasa wa tatu ndio jibu langu la kwanza. Bila huo ningejua nimepoteza 115,000 na ningesema ni bahati mbaya ya mvua, nirudie kiangazi. Hasara ya rafu tupu haitoki kwenye droo, kwa hiyo huwezi kuihesabu jioni. Inaonekana tu ukiwa na siku za kawaida ulizoziandika, ukaziweka karibu na siku mbaya.

Sasa ile faida yako ya mia mia. Nikupe mfano wa sukari, kwa bei zilezile za 2013. Mfuko wa kilo 50 niliununua 90,000. Nikauza robo robo kwa 500, yaani 2,000 kilo. Kwenye karatasi ingekuwa 100,000, lakini ukipima robo 200 kwa mkono, kilo moja inapotea kwenye mizani na sakafuni, kwa hiyo nilipata 98,000. Faida 8,000. Mtu ataicheka. Lakini mfuko ule ulikuwa unaisha kwa siku 6. Siku ya sita naichukua ileile 90,000 naenda kununua mwingine. Kwa mwezi 90,000 hiyohiyo imeenda sokoni mara tano na kurudi na 8,000 kila mara: 40,000. Hakuna nauli ya treni, hakuna kulala gesti, hakuna mtu wa kumfuatilia. Hebu sasa linganisha na ndoto yangu ya dagaa hata kama ingetimia yote: 1,200,000 izae 280,000 baada ya gharama. Kwa kila 90,000 ni 21,000, na huwezi kuirudia wiki ijayo kwa sababu mbalamwezi imetoka.

Kwa hiyo unayemwita mwenye faida ya haraka ni nani? Mimi naona ni sukari. Dagaa ni faida kubwa inayokwenda polepole, na sukari ni faida ndogo inayokimbia. Kwenye duka dogo la mtaani hela inazaa kwa kuzunguka, na mzunguko hauonekani kwa macho. Unaonekana kwa tarehe mbili: tarehe mali ilipoingia na tarehe ilipoisha. Ndiyo maana nilikuwa nakugombeza uandike tarehe kwa kalamu kwenye kila mfuko na kila katoni. Ulidhani ni ukali wangu tu.

Nisikufiche upande wa pili wa hesabu hii. Usinielewe kwamba ungechukua zile milioni 2 uzijaze sukari. Mtaa wangu ulikuwa unakula mfuko mmoja kwa siku 6, ningeleta mifuko kumi, tisa ingelala. Hela iliyolala ndani ya duka ni sawa na iliyolala mahali pengine popote, tena hapa panya wanaisaidia kuisha. Wapo wenye maduka wanaojisifu wana subira kumbe wamelalia mzigo. Kwenye ukurasa wa nne utaona ndoo za plastiki: zimeingia 14, baada ya miezi minne zimeuzwa 3. Nilipokuwa natafuta mtaji wa dagaa, hela niliyopaswa kuigusa ilikuwa ile iliyokaa ndani ya ndoo. Badala yake nikachomoa iliyokuwa ndani ya sukari na mafuta, kwa sababu hiyo ndiyo inayogeuka taslimu kirahisi. Kila mtu hukosea hapo. Hela rahisi kuchukua ndiyo hiyohiyo inayolisha duka.

Basi nataka ufanye hivi kabla hatujarudi kwenye dagaa. Najua huwezi kuandika kila kiberiti na kila pipi, hata mimi siandiki, foleni ikiwepo haiwezekani. Pata mauzo ya siku kwa kurudi nyuma kutoka kwenye hela. Nikupe jioni moja. Asubuhi umefungua na chenji ya 20,000 kwenye droo. Jioni unahesabu, droo ina 71,500, na kwenye simu wateja wamelipa 18,000. Katikati ya siku umelipa mikate na soda 24,000, umeme 2,000, na umetoa 3,500 ya mboga. Mtu mmoja kalipa deni la zamani 6,000. Unachukua kilichopo jioni, 71,500 na 18,000. Unarudishia kila ulichotoa: 24,000, 2,000 na 3,500. Inakuwa 119,000. Halafu unaondoa ile 20,000 ya asubuhi kwa sababu haikuuzwa leo, na ile 6,000 kwa sababu iliuzwa siku nyingine. Inabaki 93,000. Hayo ndiyo mauzo yako ya taslimu. Kama leo umekopesha 7,000, umeuza 100,000 kamili. Dakika kumi, mwanangu, wakati chai inachemka.

Mistari inayosahaulika ni miwili. Wa kwanza ni ule wa mboga, pamoja na vya rafuni unavyochukua bila kulipa: sukari ya chai, unga wa jioni, sabuni, vocha. Viandike kwa bei ya kununulia. Nilipoanza kuviandika nilikuta nyumba yetu inakula 2,800 kwa siku kutoka dukani, zaidi ya 80,000 kwa mwezi, na kabla ya hapo nilikuwa nasema duka halina faida. Faida ilikuwepo, tulikuwa tunaila na chapati. Wa pili ni simu. Mteja akilipa kwa simu, hela inaingia palepale zinapoingia za kikoba na za shangazi, mwisho wa siku hujui ipi ni ipi. Tumia laini ya peke yake kwa duka. Na ile ya uwakala, kama bado unafanya, isiguswe kabisa na hesabu hii, hela ya watu si mauzo.

Kila mwisho wa mwezi, funga duka mapema siku moja uhesabu mali. Pima kwa bei uliyonunulia, usipime kwa bei ya kuuzia, maana hapo utajisifia faida ambayo hujaipata. Jumlisha na taslimu, na hela ya kwenye simu, na madeni ambayo kweli yatalipwa. Ondoa unachodaiwa na muuzaji wa jumla. Namba inayobaki ndiyo mtaji wako. Umeniandikia "kama milioni 3". Hiyo "kama" imenitisha kuliko dagaa. Mimi nadhani ukihesabu utaikuta chini ya hapo, maana kila mtu humo ndani anahesabu madeni yaliyokufa. Deni ambalo mwenyewe hajaligusa miezi mitatu lihamishie ukurasa wake peke yake. Usilifute, lakini usilihesabu tena kama mali.

Kuna jambo moja zaidi la bei, nalo ni la karibuni. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipokuwa adimu nchini kwa sababu mvua nyingi zilikwamisha viwanda, nilikuwa na mifuko mitatu niliyoinunua kwa bei ya zamani. Jirani yangu mmoja aliipandisha yake mpaka ikaisha kwa siku mbili, akawa amepata. Mimi nilifungua daftari la madeni, nikaangalia majina ya wanaonunua kwangu kila siku na wanaolipa kwa wakati, nikawauzia hao nusu kilo kila mmoja na si zaidi, kwa bei niliyoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote kutoka serikalini. Mifuko mitatu ikanivusha karibu wiki tatu. Hata hivyo sikupata kila nilichotaka: nilipoenda kununua mfuko mpya, hela ya ule wa zamani haikutosha, ikabidi niongeze. Mali ikipanda bei, mauzo yenye faida kwenye daftari yanaweza kukuacha ukishindwa kujaza rafu. Kwa hiyo pembeni ya bei ya kununulia, andika na bei ya leo ya jumla. Hiyo ndiyo hela unayotakiwa kuitenga kwanza kabla hujaita kitu chochote faida.

Sasa dagaa. Sikukatazi. Nakukatalia milioni 2, na nakukatalia hela ya kikoba. Marejesho ya kikoba yana siku yake, ikifika yanadaiwa, ila mama ntilie aliyekopa dagaa wako hana siku. Utajikuta unalipia deni la dagaa kwa hela ya sukari, na hapo utakuwa umerudi kwenye ukurasa wa tatu.

Hesabu mali yako mwisho wa mwezi huu. Tafuta vitu vyote ambavyo tarehe ya kuingia imepita siku 60 na bado vipo. Viuze, hata kwa bei uliyonunulia. Hela itakayotoka humo ndiyo ya kujaribia dagaa, iwe laki moja au laki mbili. Ikipotea yote, sukari yako haitajua.

Na usiwauze kwa gunia. Wewe una duka, una mizani, una watu wanaokuja kila jioni. Wafunge robo robo. Gunia unashindana na kila aliyepanda treni. Robo unashindana na Mangi wa kona tu. Watakaa kwa muda mrefu zaidi, ndiyo, lakini utawauza pamoja na nyanya na mafuta, na siku ukijua kilo ngapi zinatoka kwa wiki, hapo ndipo utaniambia ninunue kiasi gani. Usiniambie kabla.

Kuhusu ununuzi huku niachie mimi, na ujue ninachoangalia ili usije ukanunua kwa mtu anayepita hapo kwako na baiskeli. Dagaa aliyekauka ukimkunja anakatika kwa sauti, asiyekauka anajipinda. Ukiwamwaga kwenye ungo wanachakarika kama majani makavu. Unaingiza mkono mpaka katikati ya gunia, maana juu wote huweka wazuri. Katikati pakiwa na joto, au mkono ukitoka na unyevu na harufu nzito, hao wamefungwa mapema, wataota ukungu kabla hawajafika Urambo. Halafu unasugua chini ya gunia usikie mchanga. Walioanikwa kwenye chanja za waya wana bei juu kidogo kuliko wa mchangani, lakini mchanga nao unapimwa kwenye mizani, kwa hiyo mimi huchukua wa chanja. Wakati wa masika sinunui kabisa kama jua halijawaka siku mbili mfululizo. Ukiona sijakujibu kwa wiki, usidhani nimesahau, natazama mawingu upande wa Kongo.

Kumbuka pia kwamba mali hii haina uhakika kama sukari ya kiwandani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Waliokuwa wameweka mtaji wote kwenye dagaa walikaa barazani. Sisi wa maduka tuliuza maharage.

Nimemtuma kijana wa hapa nyumbani akuletee gunia dogo la kilo 20, hao ni wa kwangu, sijatoa hela yako. Nimewapima mara mbili leo asubuhi. Bei niliyonunulia, mkokoteni, kamba na nauli ya mzigo nimeviandika kwenye karatasi iliyo ndani, juu ya dagaa. Kabla hujafungua kamba, wapime kwenye mizani yako uandike chini ya namba yangu. Halafu nitumie kwa simu namba hizo mbili tu, jioni ileile, kabla hujauza hata robo.

Mama yako